Majeruhi Mmoja, Majibu Matano

Kijana wa miaka 24, abiria wa bodaboda, ameletwa mapokezi nusu saa baada ya kugongwa na gari. Zinafuata namba tatu au nne, maneno machache kuhusu ngozi yake, kisha mtahini anauliza: kifanyike nini kwanza? Chini ya swali kuna majibu manne, na yote manne ni mambo yanayofanyika hospitalini kila siku. Moja tu ndilo la kwanza.

Maswali ya namna hii huwakuta wauguzi, matabibu na madaktari wanafunzi, kwenye karatasi na kwenye mtihani wa vitendo. Kinachopimwa ni shoku, yaani hali ambayo damu haifiki ya kutosha kwenye viungo vya mwili, navyo vinaanza kukosa oksijeni. Mgonjwa wa shoku si lazima awe amezimia. Anaweza kuwa anajibu maswali vizuri na kutaja jina la mama yake, huku figo zake zimeshapunguza kutengeneza mkojo.

Wanafunzi wengi hukimbilia namba ya juu ya presha. Ikiwa chini ya 90 wanaandika shoku, ikiwa 104 wanashusha pumzi. Hapo ndipo mtahini anapowanasa, kwa sababu namba ya juu ni miongoni mwa dalili zinazochelewa kubadilika. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya takriban lita 5, na anaweza kupoteza zaidi ya lita moja kabla namba hiyo haijaanguka waziwazi. Mwili huficha upungufu kwa kubana mishipa na kuukimbiza moyo, na maficho hayo ndiyo swali linayataka yaonekane.

Mzunguko wa damu unaelezeka kama maji ya nyumba yenye pampu. Maji yakipungua tangini, bomba la bafuni linatoa kidogo. Hiyo ndiyo shoku ya kupoteza damu au maji ya mwili. Pampu ikiharibika, matokeo ni yaleyale. Hiyo ni shoku ya moyo. Mabomba yakipanuka ghafla, maji yaliyokuwa yanatosha hayatoshi tena. Humo zimo shoku ya maambukizi, ya mzio na ya kuumia kwa neva. Na pampu nzima ikibanwa kwa nje isiweze kujaa, hiyo ni shoku ya kizuizi.

Kujua ni ipi kati ya hizo, mahali pazuri pa kuanzia ni namba ya chini ya presha pamoja na mkono wa mgonjwa. Namba ya juu hupimwa moyo unapokaza, na ya chini unapolegea. Wakati moyo umelegea, kinachoshikilia presha ni kubanwa kwa mishipa. Ikibanwa sana, namba ya chini hupanda au hukataa kushuka, na papo hapo ngozi hunyimwa damu ili ubongo na moyo vipate. Viganja vinakuwa baridi. Vinalowa jasho pia, kwa kuwa neva zilezile zinazobana mishipa huamsha tezi za jasho. Mishipa ikilegea, mambo hugeuka: namba ya chini inaporomoka na ngozi inabaki na joto. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la ugonjwa, mtahiniwa hutoa namba ya chini kwenye ya juu. Presha ya 120/80 ina pengo la 40. Pengo la 20 pamoja na mkono wa baridi ni habari moja iliyosemwa mara mbili: mishipa imebana. Pengo la 60 na mkono wa moto ni habari nyingine kabisa.

Sasa arudi kijana wa bodaboda. Katika toleo la kwanza la swali, presha yake ni 104/84 na mapigo ni 126 kwa dakika. Viganja ni baridi na vimelowa. Ukucha ukibonyezwa kwa sekunde tano na kuachiwa, rangi inarudi baada ya sekunde nne, badala ya mbili au chini yake. Mishipa ya shingo imelala, na tumbo linauma chini ya mbavu za kushoto.

Hakuna damu hata tone lililoandikwa kwenye swali hilo, na presha inaonekana ya kuridhisha. Lakini pengo ni 20 tu. Mapigo yakigawanywa kwa namba ya juu ya presha yanatoa 1.2, wakati kwa mtu mzima mwenye afya jibu huwa kati ya 0.5 na 0.7, na likifika 0.9 mwenye kujua huanza kuhangaika. Mishipa ya shingo iliyolala inasema hakuna kinachorudi moyoni. Bandama iko chini ya mbavu hizo za kushoto, na ni kiungo laini kinachopasuka kwa urahisi. Kijana anavuja damu tumboni.

Cha kwanza hapa ni vitu vinavyokwenda pamoja: njia ya hewa na oksijeni, kanula mbili nene za geji 14 au 16, damu ya kupima kundi na kulinganisha, na simu kwa daktari wa upasuaji. Kidonda kinachovuja nje kingekandamizwa kwa mkono kabla ya kanula. Nyonga ikishukiwa kuvunjika, shuka huzungushwa na kukazwa usawa wa vichwa vya mapaja, si kiunoni, kwa kuwa kazi yake ni kufunga mifupa iliyoachana. Ringa ya vuguvugu inaweza kutangulia wakati damu inatafutwa, lakini mwongozo wa sasa wa majeruhi unasimama kwenye lita moja hivi. Zamani zilimwagwa lita nyingi. Maji hayo hayabebi oksijeni, hupooza mwili, huchuja vigandishi vya damu na hupandisha presha kiasi cha kusukuma donge lililokuwa limeziba tundu. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10, hufaa ikiingia ndani ya saa tatu tangu ajali. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha inapunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, na kwamba ikicheleweshwa zaidi ya hapo faida inapotea.

Jibu la mtego katika toleo hili huwa ni noradrenalini. Inapandisha namba, ndiyo, lakini mishipa ya kijana imeshabana kadiri ilivyoweza, na kinachokosekana ni damu yenyewe. Mtego wa pili ni kumpeleka kwenye mashine ya picha iliyo mwisho wa korido. Mgonjwa wa presha ya 104/84 huenda akatoka mapokezi akizungumza, akaingia kwenye mashine akiwa na 60.

Mtahini anabadilisha mistari miwili tu. Ajali ni ileile, saa ni ileile, ila sasa presha ni 82/40, mapigo 54, mikono na miguu ina joto na mikavu. Kijana anasema hahisi miguu yake.

Hapa mtu aliyekariri kwamba shoku ni mapigo ya haraka hukwama. Presha ya 82 ilipaswa kuukimbiza moyo, mbona umepoa? Maelezo yako shingoni. Neva zinazobana mishipa na kuharakisha moyo hutoka kwenye ugwe wa mgongo eneo la kifua na juu kidogo ya kiuno. Ugwe ukiumia shingoni au juu kifuani, amri kutoka kwenye ubongo hazishuki. Mishipa inalegea, ngozi inabaki na joto, jasho linakauka. Lakini neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo, haipiti kwenye ugwe. Inatoka moja kwa moja kwenye fuvu. Inabaki peke yake kazini bila mpinzani. Presha ya chini, mapigo ya taratibu, ngozi ya joto na kavu: dalili hizi tatu zikikaa pamoja kwa majeruhi asiyesogeza miguu, ni shoku ya neva.

Shingo inatulizwa isisogee, njia ya hewa na upumuaji vinaangaliwa, kwani ugwe ukiumia juu sana hata misuli ya kupumulia hudhoofika. Dripu inatolewa kwa kiasi. Presha isipoinuka, noradrenalini iliyokuwa kosa dakika chache zilizopita sasa ndiyo dawa, maana tatizo ni mishipa iliyolegea. Mapigo yakizidi kuwa ya chini, atropini ipo karibu.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika, na mtahini mkali hapa ndipo anapotenganisha alama. Kijana aliyerushwa kutoka kwenye pikipiki kwa nguvu za kuvunja shingo anaweza pia kuwa amepasuka bandama. Hasikii maumivu ya tumbo kwa sababu ileile isiyomfanya ahisi miguu. Moyo wake hauwezi kukimbia hata akivuja damu. Kwa hiyo shoku ya neva haiandikwi mpaka damu iwe imetafutwa kifuani, tumboni, nyongani na kwenye mapaja, kwa mikono na kwa altrasaundi kama ipo. Kuna mwingine anayedanganya vivyo hivyo: mzee anayemeza propranololo au atenololo kila siku. Akivuja damu, mapigo yake yanaweza kubaki 70, na mwanafunzi anayesoma mapigo bila kusoma orodha ya dawa atampoteza.

Toleo la tatu ni la haraka kuliko yote. Presha 78/60, mapigo 138, mikono baridi, pumzi za juujuu. Hadi hapo linafanana na la kwanza, pengo dogo na baridi ileile. Tofauti iko shingoni: mishipa imetuna. Upande wa kulia wa kifua hausikiki pumzi, ukigongwa kwa vidole unatoa mlio mtupu, na koromeo limesogea kushoto. Hewa imevuja kutoka kwenye pafu, imejaa kifuani bila njia ya kutokea, imeusukuma moyo na kubana mishipa inayourudishia damu.

Miongoni mwa majibu manne kutakuwa na eksirei ya kifua. Ni jibu la kuvutia, na si sahihi. Kugundua huku ni kwa macho, masikio na vidole, na tiba ni kutoa hewa mara moja: sindano ndefu ya kanula inapita nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kisha mrija wa kifua unafuata. Vitabu vya miaka ya nyuma vinataja nafasi ya pili chini ya mtulinga, na bado inatumika, hasa kwa watoto. Kwa watu wazima, ukuta wa kifua pale mara nyingi ni mnene kuliko sindano. Kama pumzi zinasikika pande zote mbili na sauti za moyo ziko mbali, shuku inahamia kwenye damu iliyojaa ndani ya mfuko wa moyo. Mishipa ya shingo nayo si shahidi wa kuaminika daima, kwani aliyeishiwa damu hana ya kuituna hata moyo wake ukibanwa.

Kwa toleo la nne, kijana ameshatulia wodini. Ana mfupa uliotoka nje ya ngozi, hivyo amechomwa seftriaksoni kupitia kanula. Dakika tatu baadaye anasema koo linabana. Presha ni 76/34, mapigo 132, kifua kinapiga mluzi, mikono ina joto, na mwili umetoka mabaka yaliyovimba yanayowasha.

Pengo la 42 kwenye namba ya juu ya 76 ni kubwa, na namba ya chini ya 34 inaonyesha mishipa imefunguka. Huo ni mzio mkali, na dawa ya kwanza ni adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, yaani nusu mililita ya ile ampuli ya miligramu moja kwa mililita, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje. Isipoleta nafuu inarudiwa baada ya dakika tano. Dawa iliyosababisha inasimamishwa, oksijeni inawekwa, dripu inakimbizwa, na mgonjwa analazwa chali miguu ikiinuliwa. Kama pumzi inambana sana huachwa aegemee, lakini hasimamishwi wala hatembezwi. Wapo waliokufa kwa kuinuliwa tu ghafla, kwa sababu damu kidogo iliyokuwa inarudi moyoni ilibaki miguuni.

Haidrokotisoni na klofenilamini zitakuwepo kwenye majibu. Hazifungui koo wala kuinua presha kwa muda unaotakiwa, na ni za baadaye, kama zitatolewa kabisa. Kuchoma adrenalini hiyohiyo kwenye mshipa wa damu, kwa kiasi hichohicho, nako ni kosa, maana inaweza kuuvuruga mdundo wa moyo vibaya.

Neno moja kuhusu ngozi. Vitabu vingi husema mgonjwa wa mzio au maambukizi huwa mwekundu na wa kupoteza damu huwa mweupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na weupe hutafutwa kwenye viganja, ulimi na ndani ya kope la chini. Mabaka ya mzio hugunduliwa zaidi kwa kupapasa na kwa mgonjwa kujikuna. Joto la ngozi, kwa bahati nzuri, halina rangi: mgongo wa kiganja cha mpimaji ukipita kutoka vidole vya mgonjwa hadi kwenye kiwiko hutambua mahali baridi inapoishia. Na wapo wenye mzio mkali ambao ngozi yao haitoi chochote, hivyo kukosekana kwa mabaka hakumfutii mtu adrenalini yake.

Toleo la tano ni siku ya sita. Kidonda cha mguu kinanuka, joto la mwili ni 39.2, presha 94/38, mapigo 124, viganja vya moto, na amechanganyikiwa kidogo. Pengo ni 56. Maambukizi yameingia kwenye damu na mishipa imelegea. Damu ya kuotesha vijidudu inachukuliwa ikiwezekana, antibiotiki inaingia ndani ya saa moja, chanzo kinatafutiwa upasuaji, na dripu inaanza. Akicheleweshwa hadi jioni, mikono itakuwa baridi na pengo litapungua, naye atafanana na mtu anayevuja damu. Ndiyo maana swali makini hutaja siku na kidonda: ngozi ya moto ni ya mwanzo, wala haidumu.

Kiasi cha dripu hapo ndicho kinachogawanya vitabu na wodi za Afrika. Mwongozo wa kimataifa wa maambukizi makali hupendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu za mwanzo. Lakini utafiti uliofanyika Zambia na kuchapishwa mwaka 2017, kwa watu wazima ambao wengi wao walikuwa na virusi vya UKIMWI, uliwapa kundi moja dripu ya haraka kwa utaratibu maalumu, na kundi hilo ndilo lililokufa zaidi: asilimia 48 dhidi ya 33. Pale ambapo hakuna mashine za kupumulia wala chumba cha wagonjwa mahututi, mapafu yakijaa maji hakuna wa kuyasaidia.

Kwa watoto, ushahidi ulitoka hapahapa. Utafiti ujulikanao kama FEAST ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, katika hospitali kama Kilifi, Mulago na Teule ya Muheza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri kwenye ngozi waligawanywa: baadhi wakapewa dripu ya kukimbiza, ya maji ya chumvi au ya alibumini, wengine wakapewa kiasi cha kawaida tu cha kutunza mwili. Katika saa 48 walikufa takriban watoto 105 katika kila 1,000 waliokimbiziwa dripu, na 73 katika kila 1,000 wa wale ambao hawakukimbiziwa. Wengi walitarajia kinyume chake.

Tangu hapo swali la mtoto halijibiwi kwa dalili moja. Shirika la Afya Duniani linataka dalili tatu kwa pamoja kabla ya kumwita mtoto mwenye shoku: mikono baridi, rangi kurudi kwenye ukucha kwa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo dhaifu ya haraka. Ikikosekana moja, mtoto mwenye homa hakimbiziwi dripu. Mtoto aliyeharisha siku mbili, macho yameingia ndani na hawezi kunywa, ni jambo jingine, kwa sababu amepoteza maji kwelikweli. Huyo hupewa ringa mililita 30 kwa kila kilo, ndani ya saa moja akiwa chini ya mwaka na ndani ya nusu saa akiwa mkubwa zaidi, kisha mililita 70 kwa kila kilo kwa saa tano au saa mbili na nusu. Akiwa na utapiamlo mkali hesabu hiyo haimhusu, moyo wake hauwezi kubeba maji kwa kasi hiyo. Na wakati dripu inapoingia, muuguzi huhesabu pumzi na kupapasa ini: pumzi zikiongezeka na ini likishuka chini ya mbavu, dripu inafungwa hapohapo.